Karati 18 ni dhahabu kiasi gani?

*"Nimenunua pete ya karati 18 hapa Mtwara mjini, ndani imepigwa 750. Shemeji anasema karati 18 maana yake asilimia 18, kilichobaki shaba tupu. Nimeuziwa shaba?"*

Hapana, ikiwa muhuri unasema kweli. Shemeji kakosea mahali pamoja tu, ila ndipo penye hesabu yote: karati hazihesabiwi kwa mia, zinahesabiwa kwa 24. Dhahabu tupu ni karati 24. Pete ya karati 18 ina sehemu 18 za dhahabu katika kila sehemu 24, yaani robo tatu, yaani asilimia 75. Hiyo 750 iliyopigwa ndani ni hesabu ileile, ila imefanywa kwa elfu: sehemu 750 katika 1000. Kwa mtindo huohuo karati 22 hupigwa 916, na karati 9 hupigwa 375. Karati 14 ingepaswa kuwa 583, lakini muhuri uliozoeleka sokoni ni 585.

Kwa nini 24? Inavyoelezwa mara nyingi, ni kwa sababu ya sarafu. Karati ilikuwa kipimo kidogo cha uzito, na sarafu ya dhahabu ya Warumi iliyoanza kupigwa enzi za Konstantino, karne ya 4, ilikuwa na uzito wa karati 24, karibu gramu 4.5. Sarafu safi ilibeba karati 24 za dhahabu. Iliyochakachuliwa kwa robo ilibeba 18. Karati ya almasi, ambayo leo ni gramu 0.2, ni ndugu wa mbali. Hupima uzito wa jiwe na haisemi lolote kuhusu usafi.

Basi, kosa la shemeji limekwisha. Liko jingine ambalo huwanasa hata wanaojua kugawanya kwa 24, nalo ni tamu zaidi. Mtu akiambiwa "robo tatu dhahabu" huiona pete kichwani kama mkate uliokatwa vipande vinne, vitatu vya dhahabu na kimoja cha metali nyingine. Sivyo ilivyo. Ile robo tatu ni ya uzito, si ya nafasi, na kwenye dhahabu tofauti ya vitu hivyo viwili ni kubwa kupita kiasi.

Chukua gunia la kilo 100 ambalo mjanja mmoja kalijaza kilo 75 za mchanga wa mto na kilo 25 za korosho ghafi. Kwenye mizani ya chama cha msingi gunia hilo ni robo tatu mchanga, hakuna ubishi. Sasa vitenge vitu hivyo viwili, kisha upime kila kimoja kwa debe. Utashangaa: madebe ya korosho yatakaribia kulingana na madebe ya mchanga. Mchanga ni mzito kwa nafasi yake, korosho ni nyepesi, kwa hiyo robo moja ya uzito inajaza karibu nusu ya nafasi. Mwenye mizani na mwenye debe watabishana mpaka jioni, na wote wawili wako sahihi.

Dhahabu ndiyo mchanga wetu. Sentimita moja ya ujazo ya dhahabu tupu ina gramu 19.3. Ya fedha ina gramu 10.5, na ya shaba karibu gramu 9. Hizi mbili ndizo metali ambazo sonara huchanganya na dhahabu mara nyingi, maana dhahabu tupu ni laini mno kwa pete ya kuvaliwa kila siku: inapinda, inakwaruzika, na kucha zinazoshika kito zinalegea. Kwa hiyo shaba na fedha, ingawa ni robo tu ya uzito wa pete ya karati 18, hukalia karibu asilimia 40 ya ujazo wake. Kwa jicho la debe, pete yako ni asilimia 60 tu ya dhahabu. Kwa jicho la mizani ni 75. Biashara ya dhahabu imekuwa ya mizani tangu zamani. Hata Vasco da Gama alipowatoza watu wa Kilwa Kisiwani kodi ya dhahabu mwaka 1502, hesabu ilikuwa ya mithkali, na mithkali ni uzito.

Jambo hili linaeleza pia kwa nini rangi inadanganya. Wapo wanaoamini kwamba dhahabu inavyozidi kuwa nyekundu ndivyo inavyozidi kuwa safi. Ni kinyume: dhahabu tupu ni ya manjano, na wekundu ni wa shaba. Ile robo ina nafasi ya kutosha kuipaka pete nzima rangi yake. Robo hiyo ikiwa karibu yote shaba, pete inakuwa nyekundu. Ikiwa na fedha nyingi, inapauka na kuelekea ukijani. Pete zote mbili zina dhahabu sawa kabisa, 750 na 750, na ukiziweka pamoja kaunta unaweza kuapa kwamba moja ni feki.

Tofauti hiyo ya uzito na nafasi ina faida nyingine: inakuwezesha kumjibu shemeji mezani, bila kuyeyusha wala kukwaruza chochote. Unahitaji mizani ndogo ya kidijitali inayosoma mpaka gramu 0.01, glasi ya maji, na uzi mwembamba.

Kwanza pima pete ikiwa kavu. Tuseme mizani inasoma 6.20. Kisha weka glasi ya maji juu ya mizani na ubonyeze kitufe cha kurudisha sifuri. Funga pete kwa uzi, ishushe majini mpaka izame yote, lakini uishike ikiwa inaning'inia. Isiguse kitako wala ukingo wa glasi. Mizani sasa haisomi uzito wa pete, kwa sababu pete umeibeba wewe kwa uzi. Inasoma uzito wa maji ambayo pete imeyasukuma kando, na kwa kuwa sentimita moja ya ujazo ya maji ina gramu moja, namba hiyo ndiyo ujazo wa pete. Tuseme inasoma 0.40. Gawanya 6.20 kwa 0.40 upate 15.5: kila sentimita ya ujazo ya pete hii ina gramu 15.5.

Hiyo ndiyo namba inayotarajiwa kwa dhahabu ya karati 18 iliyochanganywa shaba na fedha. Kwa kawaida huangukia kati ya 15 na 16. Hesabu inakaa sawa ukiikagua kutoka upande wa pili. Asilimia 75 ya gramu 6.20 ni gramu 4.65 za dhahabu, ambazo peke yake hujaza sentimita za ujazo 0.24. Kati ya ile 0.40, zimebaki 0.16 za shaba na fedha: ndiyo ile asilimia 40 tuliyoisema.

Je, shemeji angekuwa sahihi? Pete ya uzito uleule yenye asilimia 18 tu ya dhahabu na iliyobaki shaba tupu ingekuwa na gramu kama 9.9 kwa sentimita ya ujazo, na mizani ingesoma karibu 0.63. Shaba-njano iliyopakwa dhahabu kwa juu ingesoma karibu 0.73. Tofauti ya 0.40 na 0.73 haihitaji mtaalamu. Na hapa glasi ya maji inaishinda hata mashine ya eksirei inayotumiwa na wanunuzi wa dhahabu, maana mashine hiyo husoma ngozi ya juu tu ya metali. Kwenye kitu kilichopakwa tabaka nene inaweza kuusifia mpako na kutokuona kilichomo ndani. Maji hayajali ngozi.

Lakini usiyaamini kupita uwezo wake. Mizani ikikosea kwa gramu 0.01 tu, pete yetu ya gramu 6.20 inatoka 15.1 au 15.9, na bado tuko kwenye karati 18. Fanya vivyo hivyo kwa kipini cha gramu 2. Ujazo wake ni karibu 0.13, kosa lilelile linakupeleka kutoka 14.3 hadi 16.7, na humo zinaingia karati 16 hadi 20 bila kujitambulisha. Kwa vitu vidogo kipimo hiki kinatofautisha dhahabu na shaba-njano, basi. Hakiwezi kutofautisha 18 na 20.

Kosa la kawaida zaidi ni viputo vya hewa. Vinajibanza chini ya nakshi na ndani ya maandishi, vinaongeza ujazo usiokuwepo, na dhahabu njema inaonekana hafifu. Tone moja la sabuni ya maji ndani ya glasi, kisha kuitikisa pete kidogo ikiwa majini, huviondoa karibu vyote. Bangili yenye uwazi ndani ni tatizo hilohilo kwa ukubwa, na hiyo hakuna sabuni itakayoitibu. Pete yenye jiwe nayo haipimiki hivi, kwa sababu jiwe lina ujazo mwingi na uzito mdogo. Dhahabu nyeupe ina hesabu zake, kwani mara nyingi huchanganywa na paladi au nikeli badala ya shaba na fedha peke yake.

Dhahabu ghafi, kama inayochimbwa na wachimbaji wadogo kule Namungo, Ruangwa, huleta fumbo la aina yake. Watu hudhani kilichotoka ardhini hakijaguswa na mtu, basi ni karati 24. Ardhi nayo huchanganya: dhahabu ya asili karibu daima imetoka na fedha ndani yake. Ukipima punje yake kwa maji, vipande vya mwamba vilivyonasa ndani huishusha namba zaidi, kwa hiyo ni lazima iyeyushwe kwanza ndipo kipimo kiwe na maana.

Udanganyifu mmoja tu ndio unaoyashinda maji kabisa. Metali iitwayo tangisteni ina gramu 19.25 kwa sentimita ya ujazo, karibu sawa na dhahabu tupu, na watu wamekwisha kuifungia ndani ya vipande vya dhahabu vinavyouzwa kama karati 24. Hapo glasi itasema ndiyo, na eksirei ya juu juu itasema ndiyo. Kinachobaki ni kutoboa au kukikata kipande, au kukipima kwa kifaa cha mawimbi ya sauti, kwa sababu sauti husafiri ndani ya tangisteni kwa kasi kubwa kuliko ndani ya dhahabu. Pete yako ya gramu 6 haina haja ya hofu hiyo: tangisteni ni ngumu mno kuchongwa, na anayehangaika nayo hulenga vipande vinene vya kuweka akiba.