Kanuni ya kasi: namna ya kusoma oda ya mmenyuko kutoka kwenye jedwali

Kanuni ya kasi ni mlinganyo unaoeleza kasi ya mmenyuko inavyotegemea ukolezi wa vitu vilivyochanganywa. Kila ukolezi hupewa kipeo chake, na kipeo hicho ndicho huitwa oda. Kipeo kikiwa 1, ukizidisha ukolezi mara mbili kasi nayo huzidi mara mbili. Kikiwa 2, kasi huzidi mara nne. Kikiwa 0, kasi haibadiliki hata uongeze kiasi gani. Jumla ya vipeo vyote ni oda ya mmenyuko mzima.

Vipeo hivi havisomwi kwenye mlinganyo wa kikemia. Hupatikana kwa kupima tu, na mmenyuko unaolionyesha jambo hili vizuri ni ule wa propanoni na iodini ndani ya asidi. Propanoni ni asetoni, ile ile inayotumika saluni kuondolea rangi ya kucha.

CH₃COCH₃ + I₂ → CH₃COCH₂I + HI

Iodini ina rangi ya kahawia, na rangi hiyo hufifia kadiri iodini inavyoliwa. Unawasha saa pale unapochanganya, unaizima rangi inapokwisha. Iodini inawekwa kidogo mno ukilinganisha na vingine, kwa hiyo mpaka inapokwisha, propanoni na asidi zinakuwa hazijapungua kwa kiasi cha kuhesabika. Basi kasi unayoipima ni kasi ya mwanzo. (Fungua madirisha: kinachozalishwa huwasha macho vikali.)

Chukua propanoni ya moli 4.0 kwa lita, asidi hidrokloriki ya 1.0 na iodini ya 0.005. Kila jaribio lina mililita 25 kwa jumla, na pengo hujazwa kwa maji. Joto ni nyuzi 30 za Selsiasi. Ukolezi ulioandikwa hapa ni wa baada ya kuchanganya, kwa moli kwa lita:

| Jaribio | Propanoni | Asidi | Iodini | Muda (sekunde) | Kasi (× 10⁻⁶) |
|---|---|---|---|---|---|
| 1 | 0.8 | 0.2 | 0.001 | 130 | 7.69 |
| 2 | 1.6 | 0.2 | 0.001 | 66 | 15.2 |
| 3 | 0.8 | 0.4 | 0.001 | 64 | 15.6 |
| 4 | 0.8 | 0.2 | 0.002 | 262 | 7.63 |

Kasi imepatikana kwa kugawanya ukolezi wa iodini kwa muda. Katika jaribio la kwanza, 0.001 ÷ 130 ni 7.69 × 10⁻⁶ moli kwa lita kwa sekunde.

Tunaanza na umbo la jumla, ambapo k ni namba ya mmenyuko huu isiyobadilika joto likiwa lile lile, na mabano ya mraba husimamia ukolezi:

kasi = k [propanoni]ˣ [asidi]ʸ [iodini]ᶻ

Sasa tafuta majaribio mawili ambayo kitu kimoja tu kimebadilika. Baina ya la 1 na la 2 ni propanoni peke yake. Ukigawanya kasi ya la 2 kwa ya la 1, k, asidi na iodini zote zinakatana, kinabaki 2ˣ. Upande wa pili, 15.2 ÷ 7.69 ni 1.98. Kwa hiyo 2ˣ ni kama 2, na x ni 1. La 3 kwa la 1 linatoa 2.03, basi y ni 1. La 4 kwa la 1 linatoa 0.99, yaani kasi haikusogea, na z ni 0.

Pale ambapo uwiano hauonekani kwa macho, tumia logi: x = log(uwiano wa kasi) ÷ log(uwiano wa ukolezi). Kwa propanoni, log 1.98 ÷ log 2 ni 0.99. Vipimo vya mkono havitoi 1 kamili, na hilo si kosa.

Jaribio la 4 ndilo linalowaponza wengi. Muda umeongezeka kutoka sekunde 130 hadi 262, na mwanafunzi aliyezoea kutumia 1 ÷ muda badala ya kasi huona kasi imepungua nusu, akaandika oda ya −1. Mkato huo unafaa tu pale kiasi kinachotakiwa kuisha ni kile kile katika kila jaribio. Hapa iodini ilikuwa maradufu. Imechukua muda maradufu kwisha, kwa hiyo ilikuwa ikiliwa kwa mwendo ule ule.

Inakuwaje iodini imo kwenye mlinganyo wa kikemia lakini haimo kwenye kanuni ya kasi, ilhali asidi, ambayo ni kichocheo tu, imo? Fikiria kivuko cha Likoni. Idadi ya matatu yanayosubiri ng'ambo haiwavushi watu haraka zaidi. Feri ndiyo inayoamua. Katika mmenyuko huu, hatua ya polepole ni propanoni kugeuzwa umbo kwa msaada wa asidi na kuwa enoli. Enoli ikishatokea, iodini huidaka papo hapo. Iodini ni matatu ya ng'ambo. Oda hii ya sifuri ina mpaka wake, maana iodini ikiwa haba kupita kiasi, enoli hulazimika kuingoja, na hapo ukolezi wa iodini huanza kuhesabika.

Kanuni yetu basi ni:

kasi = k [propanoni] [asidi]

na oda ya jumla ni 2. Kupata k, rudisha namba za kila jaribio. La 1 linatoa 7.69 × 10⁻⁶ ÷ (0.8 × 0.2), yaani 4.8 × 10⁻⁵. Mengine matatu yanatoa kati ya 4.7 na 4.9 × 10⁻⁵. Vizio vyake ni L mol⁻¹ s⁻¹. Usitosheke na safu moja: k ikiyumba sana kutoka safu hadi safu, mojawapo ya oda zako si sahihi. Aliyetumia ukolezi wa chupani badala ya wa baada ya kuchanganya hatapata oda yoyote, maana ukolezi huo ni ule ule katika kila jaribio.

Jaribu pia kubashiri. Ukiweka propanoni 1.6, asidi 0.4 na iodini 0.001, kasi itakuwa 30.7 × 10⁻⁶, na rangi inapaswa kwisha kwa sekunde 33 hivi.

Kwa maabara za Mombasa, kinachoharibu jedwali mara nyingi ni joto. Mmenyuko huu unalihisi sana: ukipanda kutoka nyuzi 26 za asubuhi hadi 31 za mchana, k huongezeka karibu mara 1.75. Sema majaribio ya 1 na 2 yalifanywa kabla ya chai ya saa nne, na la 3 baada ya adhuhuri. Uwiano wa asidi hautakuwa 2, utakuwa 3.5. Logi itakupa 1.8, nawe utaandika oda ya 2 bila wasiwasi. Kwa hiyo tumbukiza chupa zote, pamoja na za akiba, ndani ya karai moja la maji lenye kipimajoto, na mwisho wa kazi rudia jaribio la 1. Likitoka mbali na sekunde 130, jedwali lote lirudiwe.