"Kingo Safi" Haina Maana Kwamba Mbwa Amepona

Ripoti ya uvimbe wa seli masti ikifika kliniki, macho hukimbilia mstari mmoja: kingo safi. Mwenye mbwa anaambiwa saratani yote imetoka, faili linafungwa. Jamani, tuache hili. Kuna mbwa wanaokosa matibabu kwa sababu ya maneno hayo mawili.

Ukingo unajibu swali moja tu: je, pale daktari alipokata, seli za uvimbe zimefika kwenye wino tunaopaka ukingo wa nyama iliyotolewa? Hata hilo sisi wanapatholojia tunalijibu kwa sampuli. Nyama ikishapakwa wino na kukolea formalini, inakatwa vipande, na kutoka kila kipande tunatazama utando wa mikromita chache. Sehemu kubwa ya ukingo haipiti kabisa chini ya darubini. Kwa hiyo ukikuta "milimita 8 pembeni, 1 chini", maana yake ni katika mikato iliyotazamwa. Ngozi nayo hunywea ikishakatwa, basi usishangae ulipima sentimita 2 kwenye meza ya upasuaji nami nikaandika pungufu. Upande wa chini, uliza kama fashia, tabaka gumu linalofunika misuli, imo. Milimita 1 yenye fashia nzima naiamini kuliko milimita 5 za mafuta matupu.

Halafu kuna shaka ambayo ripoti haiionyeshi. Seli masti za kawaida huishi kwenye ngozi ya kila mbwa. Nikiziona mojamoja karibu na wino, siwezi kuapa kama ni za uvimbe au ni wenyeji wa hapo. Zikiwa makundi, hapo nasema.

Sasa chukua ripoti hii: uvimbe wa ngozi ya paja, kingo kama hizo za juu, mitosisi, yaani seli zinazogawanyika, 9 katika milimita za mraba 2.37. Kwa mfumo wa Kiupel na wenzake wa mwaka 2011, mitosisi 7 au zaidi katika nyuga 10 za darubini zinatosha peke yake kuuweka uvimbe daraja la juu, yaani la uvimbe mkali. Kingo ni nzuri, lakini mbwa huyu yumo hatarini, kwa sababu daraja linazungumzia kusambaa, na kisu hakifiki huko. Toboa tezi ya limfu ya eneo lile kwa sindano hata kama kwa mkono haijavimba, piga ultrasaundi ya ini na wengu, kisha mzungumze kuhusu kemotherapi.

Kinyume chake pia hutokea: uvimbe wa daraja la chini wenye kingo chafu mara nyingi haurudi.

Hesabu ya mitosisi bila eneo isikuridhishe. "Nyuga 10" za lenzi ya macho yenye namba 22 ni milimita za mraba 2.37, za namba 18 ni takriban 1.59. Uvimbe uleule unaweza kupata 7 kwa darubini moja na 5 kwa nyingine. Tena tunahesabu pale penye mitosisi nyingi zaidi, na wataalamu wawili hawachagui pahali pamoja kila mara. Namba ikiwa 6 au 7, pigia maabara simu kabla hujampigia mwenye mbwa.

Na kama uvimbe uko chini ya ngozi, si ndani yake, madaraja haya hayakutengenezwa kwa ajili yake.