Mayai ya nyufa, ya damu na yenye ute wa ukungu kwenye trei: usitupe yote, usile yote

Juzi nimeleta trei nyumbani kwa boda, mayai 30, kufika matatu yana ufa na moja kati yao linavuja. Jirani akaniambia yaoshe tu uchemshe, moto unaua kila kitu. Hapana jamani, hiyo ya kuosha ndo mbaya zaidi, maana gamba likishapata ufa maji yanabeba uchafu wa nje, hadi kinyesi cha kuku, yanauingiza ndani, na humo ndo salmonela anapopitia.

Nilichofanya mi: lile linalovuja nikatupa, sikujua limevuja tangu saa ngapi. Yale mawili yalipasukia njiani siku hiyohiyo na ule utando wa ndani ulikuwa mzima, nikayapasulia kwenye bakuli safi moja moja, nikanusa, nikafunika, nikaweka kwenye friji. Hapo una siku mbili basi, na uyapike mpaka kiini kigande kabisa, sio jicho la ng'ombe linalochuruzika. Kama huna friji kaanga muda uleule. Na kama ufa umeukuta tayari dukani usinunue hata ukipunguziwa bei, huwezi kujua lina siku ngapi.

Ya damu sasa, hapa watu wanatupa chakula bure kabisa. Wanasema eti lina kifaranga. Kuku wa mayai wa kisasa wengi hawajawahi hata kuona jogoo, kifaranga kitoke wapi? Kile kidoa ni mshipa mdogo wa damu wa kuku uliopasuka wakati kiini kinatengenezwa, kitoe kwa ncha ya kisu kama kinakukera, afu pika. Ila kwa mayai ya kienyeji yaliyolaliwa na kuku uangalie vizuri, ukikuta mishipa imetandaa kama wavu au duara la damu juu ya kiini, hilo kweli lilishaanza kutengeneza kifaranga, liache.

Halafu kuna ute wa ukungu, ule mweupe mweupe kama maji ya mchele. Wengi wanadhani limeharibika kumbe ni bichi kabisa, limetagwa karibuni, bado lina hewa ya kaboni ambayo inatoka taratibu kupitia vitundu vya gamba, na ikishatoka ndo ute unakuwa angavu. Hayohayo mabichi ukiyachemsha yanasumbua kumenya, utaondoka na nusu ya yai kwenye gamba.

Rangi ya kuogopa ni ute wa pinki, au wa kijani unaong'aa kama mafuta juu ya maji, hao ni bakteria, tupa hata kama halinuki. Ndo maana mi napasulia kila yai kwenye kikombe pembeni kwanza, moja bovu likiingia kwenye bakuli la mengine matano umepoteza yote sita.