Kreatinini 212 na kreatinini 2.9: maswali ya wenye ripoti mbili za maabara

Daktari, Januari kreatinini yangu ilikuwa 212. Mwezi wa tano nimepima maabara nyingine hapa Kisumu, imesoma 2.9. Si figo zimepona?

Hapana, mzee. Kreatinini yako imepanda.

Ile 212 iliandikwa kwa mikromoli kwa lita. Ukitazama pembeni ya namba utaona µmol/L. Hii 2.9 ni miligramu kwa desilita, mg/dL. Kitu kilichopimwa ni kilekile, yaani taka ya misuli ambayo figo huitoa kwenye damu, ila yuniti ni mbili. Aliyeuza gorogoro 20 za mahindi wiki jana na kilo 30 wiki hii hakuuza zaidi, ingawa 30 inaizidi 20.

Kutoka mikromoli kwenda miligramu, gawa kwa 88.4. Kutoka miligramu kwenda mikromoli, zidisha kwa 88.4. Kalkuleta ya simu yoyote inatosha:

```
212 ÷ 88.4 = 2.4 mg/dL
2.9 × 88.4 = 256 µmol/L
```

Sasa linganisha. Kwa miligramu, ulikuwa 2.4 na sasa uko 2.9. Kwa mikromoli, ulikuwa 212 na sasa uko 256. Utakayochagua ni sawa, mradi namba zote mbili ziwe upande mmoja. Kwa vyovyote imepanda kwa takriban sehemu moja ya tano. Mtu mzima mwenye figo nzuri kwa kawaida hukaa karibu na 1, au chini ya 110 kwa mikromoli, kwa hiyo hata ile ya Januari haikuwa nzuri.

Lakini katikati hapo nilikuwa nakunywa dawa ya mitishamba, nikaacha vidonge vya presha. Nilidhani ndiyo imeishusha kutoka 212 hadi 2.

Hili ndilo linalotuumiza katika kliniki ya sukari na presha. Wagonjwa wanatoka Ahero, Muhoroni, hata Bondo. Kipimo cha kwanza wamefanyiwa hospitalini, cha pili wamefanyiwa maabara ya binafsi karibu na steji kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Wanaona namba ya mamia imekuwa namba ya nukta, wanamshukuru aliyewauzia chupa, wanaacha vidonge, na kliniki hawaji tena mpaka miguu ivimbe.

Mitishamba haikushusha chochote. Karatasi ilibadilisha yuniti. Ungepima maabara hiyo ya pili siku ileile ya Januari, kabla hujaonja tone la dawa hiyo, ungepewa takriban 2.4, na ungeweza kusema umepona kabla hata ya kuanza.

Nasema tena kwa sababu naulizwa kila kliniki: kutoka 212 hadi 2.9 si kushuka. Hakuna figo inayopona kutoka mamia ya mikromoli hadi 2.9 ya mikromoli. Binadamu aliye hai na mwenye misuli hana kreatinini ya 2.9 µmol/L. Ukiona namba imeporomoka namna hiyo, usiulize nani amekuponya. Soma yuniti.

Na tafadhali, chupa yenyewe ni hatari ya pili. Baadhi ya mitishamba huumiza figo moja kwa moja. Vilevile dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, zile unazonunua kemisti bila kuandikiwa, zinaweza kuipandisha kreatinini ya mtu ambaye figo zake tayari ni dhaifu. Presha iliyoachwa bila vidonge kwa miezi minne nayo inaendelea kuzila figo kimyakimya.

Hiyo 88.4 mmeitoa wapi?

Kwenye uzito wa kreatinini yenyewe. Moli moja ya kreatinini ina uzito wa gramu 113 na kidogo. Desilita ni sehemu ya kumi ya lita, kwa hiyo miligramu 1 kwa desilita ni miligramu 10 kwa lita. Gawa 10 kwa 113.12 unapata milimoli 0.0884, ambayo ni mikromoli 88.4. Haibadiliki kwa umri, kwa mwanamume au mwanamke, wala kwa mashine.

Nitajuaje ripoti yangu ni ya yuniti gani?

Angalia upande wa kulia wa namba. Printa nyingine haina alama ya µ, basi inaandika umol/L. Ni kitu kilekile. Upande wa miligramu unaweza kukuta mg/dL, mg/dl au mg%, na zote ni moja.

Yuniti ikikosekana, tazama kiwango cha kawaida kilichochapishwa kando. Kwa wanaume, maabara moja inaweza kuandika 62–106 na nyingine 0.7–1.2. Gawa 62 na 106 kwa 88.4 utaona ni kiwango kilekile. Kikiwa cha makumi, ripoti ni ya mikromoli. Kikianza na sifuri nukta, ni ya miligramu.

Mtego upo mmoja. Mara chache utakuta milimoli, mmol/L, na kreatinini imeandikwa 0.212. Mtu akiisoma kama miligramu ataiona iko chini kabisa, kumbe ni ile 212. Hapo zidisha kwa 1000 kwanza, ndipo ugawe kwa 88.4.

Yuniti na kiwango vyote vikikosekana, usikisie. Rudi maabara waiandike na kuiwekea muhuri. Ni haki yako, na karatasi yenye namba bila yuniti haimsaidii daktari yeyote. Na wenzangu mnaonakili matokeo kwa kalamu kwenye kijitabu cha mgonjwa: mnaandika "kreatinini 2.9" na kuishia hapo. Acheni. Mgonjwa huyo kesho yuko Nakuru kwa binti yake, na daktari wa huko hajui unazungumzia nini.

Nimebadilisha nikapata 2.4 na 2.5. Je, imepanda?

Hiyo huenda ni ileile. Maabara zikikupa miligramu hukata nukta baada ya tarakimu moja, kwa hiyo 1.0 kwenye karatasi inaweza kuwa chochote kati ya mikromoli 84 na 93 hivi. Mashine nazo hutofautiana: nyingine hutumia mbinu ya zamani ya Jaffe, ambayo husumbuliwa na vitu vingine kwenye damu kama ketoni, nyingine hutumia vimeng'enya. Sahani kubwa ya nyama siku ya kupima pia huipandisha kwa saa kadhaa.

Kwa tofauti ndogo kama hiyo, rudia kwenye maabara ileile ya kwanza, bila nyama siku hiyo, na ukiwa umekunywa maji kama kawaida yako. Lakini 2.4 kwenda 2.9 si tofauti ndogo, na maneno haya ya mashine na nyama yasikupe kisingizio cha kukaa nyumbani. Tutarudia kipimo, ndiyo, ukiwa mikononi mwetu.

Kijana wangu aliweka 2.9 kwenye simu, ikatuambia figo zinachuja zaidi ya 270. Hiyo si nzuri sana?

Kikokotoo hicho kilikuwa kimewekwa kwenye µmol/L, naye akaandika namba ya miligramu. Uchujaji wa figo huhesabiwa kwa mililita kwa dakika, na mtu mzima mwenye figo nzuri huwa karibu na 90 hadi 120. Ukiona 270, jua kosa liko kwenye yuniti. Ukikosea kinyume, uweke 212 penye mg/dL, simu itakuambia figo zinachuja karibu na sifuri, na familia italia bure.

Tufanye hesabu sawasawa. Wewe ni mwanamume wa miaka 54. Kwa fomula ya CKD-EPI ya mwaka 2021, kreatinini ya 2.4 inatoa uchujaji wa takriban 31. Ya 2.9 inatoa takriban 25. Hapa ndipo nataka usikilize vizuri. Kati ya namba hizo mbili kuna mpaka wa 30. Chini ya 30 unahesabiwa kuwa hatua ya nne ya ugonjwa wa figo, na metformini, kidonge chako cha sukari, hakitakiwi kuendelea kutumiwa. Uliendelea kukimeza kwa sababu ulidhani figo zimepona. Namba uliyoisherehekea ndiyo iliyokuwa inatuambia tubadilishe dawa.

Usiache metformini kimyakimya na kukaa bila kitu, maana sukari itapanda. Njoo tuibadilishe.

Na urea na sukari, nazo nigawe kwa 88.4?

La. Ni ya kreatinini peke yake. Sukari ina yake: milimoli zidisha kwa 18 upate miligramu kwa desilita. Urea mwachie daktari, kwa sababu maabara huiripoti kwa namna zaidi ya moja hata ndani ya miligramu.

Basi nikiona imepanda, nisubiri tarehe ya kliniki mwezi ujao?

Usisubiri. Kwa kupanda kama kwako, kwa miezi minne, njoo wiki hii. Tarehe iliyoandikwa kwenye kadi iliwekwa kabla ya namba hii kujulikana.

Kuna wanaotakiwa kuja leo hii, hata usiku. Ni yule ambaye kreatinini imeongezeka kwa 0.3 mg/dL ndani ya siku mbili, ambayo kwa mikromoli ni kama 26.5 tu. Ni yule ambaye imefika mara moja na nusu ya ilivyokuwa ndani ya wiki moja. Na ni yeyote mwenye figo dhaifu ambaye mkojo umepungua sana, anapumua kwa shida, anatapika bila kukoma, au amevimba ghafla. Huyu asihangaike na kalkuleta kwanza. Tutamgawia kwa 88.4 akiwa kitandani.

Ukija, leta ripoti zote mbili zenyewe, siyo namba ulizozishika kichwani. Leta vidonge vyote pamoja na ile chupa. Kama una kipimo cha mwaka jana au cha mwaka juzi kutoka hospitali nyingine, nacho kilete. Tutaziandika zote kwa µmol/L kwenye ukurasa mmoja wa kijitabu chako, kila moja na tarehe yake.