Mpini usioacha alama kwenye vidole

Mama mmoja anayeuza nafaka Nyamakima alinirudishia kifaa changu baada ya magunia kumi tu. Hakusema lolote kwanza. Alinifungulia kiganja nikaona mstari mwekundu ukipita kwenye vidole vinne, pale vinapoanza kujikunja. "Kijana, kusoma kinasoma vizuri. Lakini kinakata."

Kifaa chenyewe ni kipima unyevu wa mahindi. Unakishika kama bambo, unakichoma guniani, kisha unasubiri kuona kama unyevu umeshuka hadi asilimia 13.5 au bado. Mkono hausimami tu pale, unasukuma kwa nguvu. Nami nilikuwa nimeupa ukingo wote wa ganda la chini fileti moja, yaani mviringo wa kulainisha kona, ya nusu kipenyo cha mm 4, kutoka kichwani hadi mkiani, kwa sababu ilikuwa rahisi. Kwenye skrini ya kompyuta mm 4 inaonekana laini kabisa.

Kilichonibana ni mlango wa betri. Kichwani, mlango huo uko mm 5 tu kutoka ukingoni, kwa hiyo fileti ikizidi hapo inaula. Kiunoni mwa mpini, vidole vinapozunguka, nilitaka karibu mm 11. Ukingo ni mmoja lakini una mahitaji mawili, na hapo ndipo fileti ya nusu kipenyo kinachobadilika inapoingia.

Katika SolidWorks, programu ninayochorea, unafungua `Fillet`, unachagua `Variable Size Fillet`, unagusa ukingo, kisha unaweka vituo juu yake na kukipa kila kituo kipimo chake. Niliweka mm 4 mwanzoni, mm 4 tena kwenye asilimia 20 ya urefu ili mlango wa betri upite salama, mm 11 kwenye asilimia 55, na mm 6 mkiani. Programu ikakataa.

Sababu yake unaweza kuipata kwa rula. Uso wa chini na uso wa ubavu vikikutana karibu pembe mraba, fileti ya mm 11 hula takriban mm 11 za kila upande. Ubavu wangu kiunoni una kina cha mm 10.5, kisha unafika kwenye mstari ambapo ganda la chini linakutana na la juu. Fileti ilikuwa inatafuta uso ambao haupo. Nikashuka hadi mm 9, ikakubali, ikabaki ukanda wa karibu mm 1.5 wa ubavu mnyoofu. Ukanda huo usiuonee choyo. Ndio unaobeba mwinamo wa digrii 2 unaoruhusu ganda litoke kwenye kalibu bila kukwaruzwa. Fileti ikifika juu kabisa kwenye mstari wa maganda, mpindo mdogo tu unatosha kuharibu maungano hayo, na kidole hukigundua kiwimbi hicho upesi kuliko jicho.

Kuna swichi moja ndogo ambayo wengi huipita bila kuitazama: `Smooth transition` na `Straight transition`. Ukichagua ya pili, nusu kipenyo hupanda kwa mstari mnyoofu kutoka 4 hadi 9 kisha hugeuka ghafla kushuka hadi 6. Pale kwenye asilimia 55 mpaka wa fileti unavunjika kama kiwiko. Ya kwanza inalainisha mgeuko huo. Na usijaze vituo. Niliwahi kuweka tisa nikidhani naongeza udhibiti, nikapata ukingo unaopanda na kushuka kama barabara ya matuta. Vinne vilitosha.

Bado palikuwa na doa. Mahali mpini ulipoungana na kichwa, kazi yangu ya awali iliacha kiuso chembamba cha mm 1.2 hivi kati ya uso wa chini na ubavu. Fileti ya ukingo inafuata ukingo, na hapo ukingo ulikuwa umekatika vipande vitatu. Kila nilipobadilisha kipimo kimoja, ilianguka mahali hapo hapo. Nilikesha nikikirekebisha kiuso hicho kabla ya kukubali kwamba nilikuwa na zana isiyofaa mkononi.

Fileti ya nyuso haijali ukingo. Unaionyesha uso wa kwanza na uso wa pili, nayo hufikiri kama mpira unaobingirika ukigusa nyuso zote mbili kwa pamoja. Kilicho katikati, iwe ukingo, ufa au kiuso chembamba, kinamezwa. Katika SolidWorks ni `Face Fillet`. Wanaotumia programu ya NX wanaiita `Face Blend`. Kiuso changu cha mm 1.2 kilitoweka kwa mbofyo mmoja, na nikajiona mjinga.

Uzuri wake wa pili ni `Hold line`. Badala ya kuandika nusu kipenyo, unachora wewe mwenyewe mstari ambao fileti itaishia, ukiupachika juu ya uso kwa `Split Line`. Nilichora miwili. Wa uso wa chini unaanza mm 4 kutoka ukingoni na kutanuka hadi mm 11 kiunoni, na wa ubavu haupiti mm 9.3. Sasa pande mbili za fileti hazilazimiki kulingana, na zile mm 11 nilizonyimwa nimezipata upande ambao kidole kinabana.

Hapo pia nikawasha `Curvature continuous`, inayofanya mpindo uanze polepole. Fileti ya kawaida ni kipande cha duara, hivyo mpindo huruka ghafla kutoka sifuri hadi kamili pale inapogusana na uso tambarare. Ukiwasha `Zebra Stripes`, inayotandaza milia juu ya nyuso, utaona milia inaungana lakini inavunja shingo kwenye mpaka. Ikiwa laini kweli, milia inapita bila kukunjika.

Ila lipo deni. Kama mipaka haisogei na mpindo unaanza polepole, basi katikati lazima ujikunje zaidi ya duara. Ukiwasha bila kutanua mipaka, unapata kitu kinachong'aa vizuri na kukata zaidi. Mimi deni hilo lilinikuta kichwani. Zana ya `Check` ilionyesha nusu kipenyo kidogo kabisa cha mm 2.3, na ganda langu lina unene wa mm 2.5. `Shell`, zana ya kutoboa umbo libaki ganda, inapochimba ndani, uso wa ndani unajikunja hadi kujikata wenyewe. Nilisogeza mlango wa betri ndani mm 1, nikatanua mstari hadi mm 5, na `Shell` ikapita.

Nilichapisha sampuli kwa printa ya 3D, nikaipiga msasa namba 400 na kuipulizia rangi, maana ngazi za printa huficha kila kosa. Kisha nikaigeuza polepole chini ya taa ya tyubu ya karakana. Mstari wa mwanga uliteleza toka kichwani hadi mkiani bila kuruka.

Mama aliichoma magunia kumi, kisha mengine sita bila kuambiwa. Akafungua kiganja, akakiangalia, akakifunga.

"Sawa. Sasa hiki kitufe mbona kiko mbali na kidole gumba?"