Wanafunzi 400, lakini shule ni 8

Wiki iliyopita mwanafunzi wa uzamili aliniletea ofisini hapa Moshi matokeo ya utafiti wake. (Namba nimezirahisisha kidogo.) Shule za msingi 8: nne zilipewa mbinu mpya ya kufundisha hisabati, nne ziliendelea kama kawaida. Kila shule alipima watoto 50 kutoka mikondo miwili. Wastani ukatoka 52 kwa 48. Akaigawanya tofauti hiyo kwa kosa sanifu, yaani kiasi inachoweza kuyumba kwa bahati tu, akapata thamani ya t. "Dokta, t ni 2.5! Mbinu inafanya kazi."

Nikamwambia afungue jedwali la data. Mistari 400, kila mtoto na wake. Kwenye safu ya mbinu, 1 imejirudia mara 50 mpaka shule inaisha, kisha shule ya pili vilevile. Aliyefanya mtihani ni mtoto, kwa hiyo mtoto ndiye kitengo cha uchunguzi. Mbinu yenyewe ilipewa shule nzima, na swali lake lililinganisha shule na shule. Kitengo cha uchambuzi ni shule, nazo ni 8 tu.

Tukaandika wastani wa kila shule kwenye karatasi. Zenye mbinu: 46, 58, 49, 55. Zisizo nayo: 51, 43, 54, 44. Ukizitazama hivyo unaona zinavyoingiliana. Tofauti bado ni alama 4, ila kosa sanifu, ambalo kwa watoto 400 lilikuwa 1.6, sasa ni 3.8. Thamani ya t ikashuka hadi 1.04, wakati kwa shule 8 inatakiwa ivuke 2.45 ndipo tuseme tofauti si bahati tu. Kijana akanyamaza.

Sababu ni kwamba watoto wa shule moja wanafanana: mwalimu yuleyule, vitabu vilevile, mara nyingi hata kijiji kimoja. Mtoto wa hamsini hakuletei habari mpya kama wa kwanza. Kufanana huko hupimwa kwa uwiano wa ndani ya kundi. Kwake ulikuwa kama 0.1. Kwa hiyo 1 + (50 − 1) × 0.1 = 5.9; ukigawanya 400 kwa 5.9, watoto 400 wana uzito wa watoto 68 hivi wasiofanana kwa shule.

Safu ya ukubwa wa darasa ilikuwa na ugonjwa huohuo. Imejazwa mara 400, lakini mikondo ni 16, basi namba halisi ni 16.

Sisemi kila utafiti wa elimu uhesabu shule. Angegawa mbinu kwa kura, mtoto kwa mtoto ndani ya darasa lilelile, mtoto angekuwa kitengo halali. Na si lazima atupe alama za watoto: modeli ya ngazi mbalimbali huzitumia zote huku ikikumbuka shule.

"Nikipima watoto 100 kila shule je?" akauliza. Tukapiga hesabu: watoto 800, uzito wa 73. Tukajaribu shule 16, watoto 25 kila moja, yaani 400 walewale: uzito wa 118. Akaanza kuhesabu nauli za kwenda Rombo.