Karatasi za stoki ya duka la dawa: dhana potofu na ukweli

Dhana: Ukishavijua vifupisho vya dawa, kilichobaki ni kuchapa karatasi za hesabu ya rafu kwenye orodha ya Eksel.

Ukweli: CPM ni klorofeniramini, dawa ya mzio. CPZ ni kloropromazini, dawa ya magonjwa ya akili. Aliyehesabu akiwa na haraka, herufi ya mwisho haisomeki, na hapo kinachokuokoa ni nguvu ya kidonge: klorofeniramini huwa ya 4 mg, kloropromazini mara nyingi ni 25 au 100. Kama nguvu haikuandikwa, usikisie. Rudi kwenye rafu. Kwenye orodha weka safu mbili, moja ya maandishi kama yalivyo kwenye karatasi na nyingine ya jina kamili, ili kosa likigundulika baadaye ujue lilianzia wapi.

Dhana: Namba iliyoandikwa ndiyo idadi.

Ukweli: Namba bila kipimo haisemi kitu. Chukua mstari huu: "PCM 500, 3+4". Maana yake ni maboksi matatu na stripu nne za parasetamoli. Boksi lina stripu 10 za vidonge 10, kwa hiyo vipo vidonge 340. Tuseme duka linauza vidonge 40 kwa siku, mzigo huchukua siku 7 kufika, na mwenye duka anataka akiba ya siku 5. Kiwango cha kuagiza ni 40 × 12, yaani 480. Vidonge 340 viko chini ya hapo, basi alama ya kuagiza inawaka. Lakini mchapaji akidhani ile 3 ni makopo ya vidonge 1,000, orodha itaonyesha zaidi ya 3,000 na hakuna atakayeagiza. Ndiyo maana mimi hubadilisha kila kitu kuwa vidonge kwanza, hata kama inachosha.

Dhana: ALu, dawa ya malaria, zote ni dawa moja, zijumlishe.

Ukweli: Pakiti za vidonge 6, 12, 18 na 24 hutolewa kwa uzito wa mgonjwa, kwa hiyo ni mistari minne. Ukizijumlisha, wingi wa zile za watu wazima utaficha kwamba za watoto wadogo zimekwisha. Ukikuta "ALu 18" tupu, uliza: ni pakiti 18, au ni pakiti ya vidonge 18?

Dhana: Nafasi iliyoachwa wazi ni sifuri.

Ukweli: Mara nyingi ni rafu ambayo haikuhesabiwa. Eksel nayo, ikilinganisha seli tupu na namba, huichukulia kama 0, kisha inakuambia uagize dawa iliyojaa stoo. Zitenganishe (E ni idadi iliyopo, F ni kiwango cha kuagiza):

```
=IF(E2="","HESABU",IF(E2<=F2,"AGIZA",""))
```

Fomula hii itafanya kazi kama wanaohesabu wanaandika 0 pale dawa ilipokwisha kweli. Wengi huchora kistari, na kistari Eksel hukisoma kama maandishi, si namba, kwa hiyo alama ya kuagiza haitatokea.